Mwezi wa Kwanza wa Amlodipini: Mwongozo kwa Mgonjwa Anayeanza Tembe za Presha

Karatasi hii imeandikwa kwa ajili ya mtu anayeondoka kwenye dirisha la duka la dawa akiwa na pakiti yake ya kwanza ya amlodipini ya miligramu 5, tembe moja kwa siku, baada ya daktari kumweleza kwamba ataimeza kwa miaka mingi. Ziko dawa nyingine za kushusha shinikizo la damu, nami nitazigusa kwa kifupi mahali panapohitajika. Nimeamua kuifuata hii moja kwa undani kwa sababu ndiyo ninayoitoa mara nyingi hapa Nairobi, na kwa sababu tabia yake ya kuingia mwilini polepole na kutoka polepole inaeleza karibu kila swali ambalo wagonjwa hunirudia nalo.

Nimekaa nyuma ya dirisha hilo kwa miaka mingi, katika mitaa ya Eastlands. Wengi wanaoacha tembe zao si wakaidi. Mmoja alivimba miguu katika wiki ya tatu bila kuwa ameonywa, akadhani figo zake zimeharibika. Mwingine alisahau dawa siku mbili, hakusikia chochote, akahitimisha kwamba haihitaji. Mambo hayo mawili, madhara ya dawa na dozi zilizokosekana, ndiyo nitakayoyakalia zaidi.

Kabla hujaondoka dirishani

Soma jina la dawa lenyewe, si jina la biashara lililoandikwa kwa herufi kubwa. Amlodipini hutengenezwa na kampuni nyingi, na kila kampuni huipa jina lake, rangi yake na umbo lake. Mwezi huu unaweza kupewa tembe nyeupe ya mviringo kutoka kituo cha afya, na mwezi ujao ukanunua dukani tembe ya umbo jingine yenye dawa ile ile. Nimewahi kumpokea mama aliyekuwa akimeza zote mbili kila siku kwa wiki mbili, akiamini moja ni ya presha na nyingine ni ya moyo, na aliyekuja kwangu kwa sababu ya kizunguzungu. Ziko pia tembe za mchanganyiko, ambazo ndani yake mna amlodipini pamoja na losatani au dawa nyingine ya presha. Kwa hiyo kila unapopewa pakiti mpya, ilete ya zamani uziweke pamoja mbele ya mfamasia, naye akuonyeshe kama ni dawa moja au mbili.

Mwambie mfamasia ikiwa una mimba au unatarajia kuipata, ikiwa umewahi kuugua ini au moyo, na utaje kila dawa nyingine unayotumia, hata ile ya maumivu unayoinunua bila karatasi ya daktari. Hiyo ya maumivu ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi wetu humeza kwa mgongo au magoti, hupandisha shinikizo la damu, huufanya mwili ushike chumvi na maji, na huweza kuumiza figo. Maumivu ya kawaida yatulize kwa parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na kabla ya kununua dawa ya mafua uulize kama ina kiungo cha kuzibua pua, kwa kuwa baadhi ya viungo hivyo hubana mishipa.

Chagua saa moja, na uichague kulingana na maisha yako

Amlodipini humezwa mara moja kwa siku, asubuhi au jioni, kabla au baada ya chakula. Kilicho muhimu ni kwamba saa iwe ile ile. Usichague asubuhi kwa sababu tu watu husema dawa humezwa asubuhi. Mama anayetoka Kayole saa kumi alfajiri kwenda kufungua kibanda Gikomba hataweza kuikumbuka tembe katika haraka hiyo, ila anaweza kuikumbuka anapoketi kula chakula cha jioni. Anayefunga mwezi wa Ramadhani hana haja ya kuacha tembe: anaweza kuihamishia wakati wa futari au daku, mradi ajadiliane na mfamasia au daktari siku chache kabla, hasa kama anatumia dawa zaidi ya moja au ana kisukari.

Ifunganishe tembe na tendo ambalo hulikosi, kama kupiga mswaki au kuchemsha chai ya jioni. Kisha iandike tarehe ya kuanza kwenye pakiti kwa kalamu.

Usitarajie kwamba kesho kipimo kitakuwa kimeshuka kabisa. Kuta za mishipa ya damu zina misuli, na misuli hiyo huhitaji madini ya kalsiamu ili kukaza. Amlodipini huzuia kalsiamu isiingie kwenye misuli hiyo kwa wingi, nayo hulegea, na damu hupita bila kusukumwa kwa nguvu kubwa. Tembe ya kwanza hufikia kilele chake katika damu baada ya saa 6 hadi 12, lakini kwa kuwa hutoka polepole, tembe ya pili hukuta mabaki ya ya kwanza, na ya tatu hukuta mabaki ya zote mbili, hadi kiasi kinapotulia baada ya siku 7 au 8 hivi. Mtu anayepima presha siku ya tatu, akaona imeshuka kidogo tu, na akaongeza tembe ya pili kwa uamuzi wake, anaongeza dawa juu ya dawa ambayo bado haijafika.

Madhara ya siku za mwanzo

Katika wiki ya kwanza baadhi ya watu huumwa kichwa, huhisi joto la ghafla usoni na shingoni, huusikia moyo ukienda mbio kidogo, au huchoka kuliko kawaida. Hayo hutokana na mishipa iliyozoea kubanwa sasa kulegea, na kwa wengi hupungua yenyewe baada ya siku chache. Unapoamka kitandani, kaa ukingoni kwanza kwa dakika moja kabla ya kusimama. Usipande pikipiki wala usiendeshe gari ikiwa una kizunguzungu. Iwapo maumivu ya kichwa yanapita wiki moja, rudi ueleze.

Miguu kuvimba, na kwa nini usiache dawa peke yako

Hili ndilo dhara linalowafanya watu wengi waitupe amlodipini, na ndilo ninalotaka ulielewe vizuri kabla halijakufikia. Kwa baadhi ya wagonjwa, wanawake zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi zaidi kwa wanaomeza miligramu 10 kuliko wanaomeza 5, vifundo vya miguu huanza kuvimba wiki au miezi kadhaa baada ya kuanza. Viatu hubana jioni, soksi huacha alama, na ukibonyeza kwa kidole pembeni mwa kifundo shimo dogo hubaki kwa muda. Asubuhi uvimbe huwa umepungua, na jioni hurudi.

Chanzo chake si figo. Amlodipini hulegeza mishipa inayoleta damu kuliko inavyolegeza mishipa inayoirudisha moyoni. Damu basi huingia kwa wingi katika vijishipa vidogo vya miguu kuliko inavyotoka, na maji yake huvuja kwenda kwenye nyama inayovizunguka. Ndiyo maana tembe za kukojoza hazisaidii sana kwa uvimbe wa aina hii, na ndiyo maana nakuomba usizinunue mwenyewe.

Unachoweza kufanya nyumbani ni kuinua miguu juu ya kiti au mto kwa nusu saa mara mbili kwa siku, kutosimama mahali pamoja kwa muda mrefu bila kutembeatembea, na kupunguza chumvi mezani. Lakini hatua iliyo ya maana ni kurudi kwa daktari ukiwa bado unameza dawa, kwa sababu yeye ana njia kadhaa: anaweza kupunguza kipimo, anaweza kukuongezea losatani au dawa ya jamii yake, ambayo hulegeza pia mishipa inayorudisha damu na hivyo kupunguza uvimbe, au anaweza kukubadilishia dawa kabisa. Ukiacha kwanza na kwenda baadaye, uvimbe utakuwa umeisha na presha imerudi, naye hataona alichopaswa kukiona.

Uvimbe wa miguu yote miwili unaokuja polepole unaweza kusubiri siku chache hadi uonane na daktari. Uvimbe wa mguu mmoja, wenye maumivu na joto, hausubiri, kwa sababu huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Uvimbe unaokuja pamoja na kukosa pumzi, hasa unapolala chali, hausubiri pia, kwa kuwa huenda moyo umelemewa. Nenda siku hiyo hiyo kwenye hospitali yenye kitengo cha dharura, iwe ni Mama Lucy Kibaki, Mbagathi, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta au iliyo karibu nawe zaidi. Fanya hivyo pia kwa maumivu ya kifua, kuzirai, mdomo au ulimi kuvimba, uso kupinda upande mmoja, udhaifu wa mkono au mguu wa upande mmoja, au maneno kuanza kukwama ghafla.

Baada ya miezi mingi fizi zinaweza kuanza kukua juu ya meno. Ni nadra. Mwambie daktari wa meno kwamba unatumia amlodipini, na upige mswaki vizuri.

Iwapo pakiti yako ina dawa nyingine ya presha

Enalaprili inaweza kuleta kikohozi kikavu kinachowasha koo, ambacho hakiishi kwa dawa ya kikohozi; usinunue chupa ya tatu ya dawa hiyo, rudi ubadilishiwe. Kwa nadra, na mara nyingi zaidi kwa watu wenye asili ya Kiafrika, enalaprili huvimbisha midomo, ulimi na koo: hapo usimeze tembe nyingine, nenda hospitalini mara moja. Enalaprili na losatani zote huweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo mwanamke anayeweza kupata mimba awe amejadiliana na daktari kabla ya kuanza, na akikosa hedhi arudi haraka. Tembe za kukojoza za haidroklorothiazaidi humezwa asubuhi ili zisikuamshe usiku. Atenololi na dawa za jamii yake, zinazopunguza mapigo ya moyo, haziachwi ghafla hata siku moja bila mpango wa daktari, kwa sababu moyo unaweza kurudi kwa kishindo, hasa kwa mtu mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo.

Ukisahau tembe

Kanuni ya amlodipini ni hii: ukikumbuka kabla ya saa 12 kupita tangu wakati wako wa kawaida, imeze mara unapokumbuka, na ya kesho uimeze kwa saa yake ya kawaida. Ikiwa saa 12 zimepita, iache hiyo iliyokosekana, usubiri wakati wako unaofuata na umeze moja. Usimeze mbili kwa pamoja kufidia.

Nieleze kwa mfano wa askari wa usiku niliyemhudumia, anayeishi Kawangware na kulinda jengo moja Westlands kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kipimo chake cha kwanza kilikuwa 162/98. Alipewa amlodipini ya miligramu 5, akaniambia atakuwa anaimeza asubuhi. Nilimuuliza asubuhi ipi, ya kuamka au ya kurudi kulala, tukaona kwamba kwake saa iliyo thabiti ni saa kumi na moja jioni, anapokunywa chai kabla ya kuondoka.

Siku ya kumi na mbili aliondoka nyumbani kwa haraka bila kuimeza. Alikumbuka saa tatu usiku, akiwa kazini, saa 4 tu baada ya wakati wake. Kama angekuwa na tembe mfukoni angeimeza hapo hapo na mambo yangeishia hapo, lakini pakiti ilikuwa nyumbani, naye alifika saa moja na nusu asubuhi, yaani saa 14 na nusu baada ya saa kumi na moja jioni. Hapo kanuni ilimtaka aiache, alale, na ameze moja saa kumi na moja jioni iliyofuata. Ndivyo alivyofanya baada ya kunipigia simu. Hakuwa katika hatari, kwa kuwa katika dawa hii nusu ya kiasi kilichomo mwilini hutoka baada ya saa 30 hadi 50, na kwa hiyo siku moja iliyorukwa huacha akiba. Tangu siku hiyo hubeba tembe mbili ndani ya karatasi yake ngumu, zikiwa hazijafunguliwa, katika mfuko wa koti la kazi.

Akiba hiyo hiyo ndiyo iliyomdanganya baadaye. Katika wiki ya nne miguu yake ilivimba, kwa kuwa alikuwa akisimama langoni usiku kucha, naye akaacha dawa bila kumwambia mtu. Siku ya kwanza hakuhisi lolote, wala ya pili, wala ya tatu. Uvimbe ukaanza kupungua, akaona amefanya uamuzi mzuri. Alipopita dukani siku ya sita kununua parasetamoli nilimpima, ikasoma 158/96. Presha ilikuwa imepanda tena kimya kimya kadiri dawa ilivyokuwa ikitoka, na hakukuwa na ishara yoyote mwilini ya kumwambia. Nilimrudisha kliniki siku hiyo. Daktari alimrejesha kwenye amlodipini ya miligramu 5 na kumwongezea losatani, akamwandikia damu ipimwe kwa ajili ya figo na potasiamu, na askari mwenyewe akaomba kiti langoni. Baada ya wiki nne kipimo kilikuwa 134/84, na viatu havikubana tena.

Ikiwa umekosa siku mbili au tatu, rudia tembe moja kwa saa yako ya kawaida, bila kufidia. Ikiwa umepitisha wiki, njoo upimwe kwanza na uzungumze na daktari, maana unaanza karibu upya, na kichwa na joto la usoni vinaweza kurudi kama siku za mwanzo. Na kama huna uhakika ulimeza au hukumeza, usimeze kwa kubahatisha; subiri saa yako inayofuata. Kijisanduku chenye vyumba vya siku saba huondoa shaka hiyo, na kama huna, andika siku kwa kalamu nyuma ya karatasi ngumu ya tembe.

Ukimeza mbili kwa makosa, kaa au ulale, usiendeshe chombo chochote, na umpigie mfamasia au daktari simu. Ukizidi hizo, au ukianza kuishiwa nguvu, nenda hospitalini ukiwa na pakiti. Mtoto mdogo aliyemeza tembe hata moja apelekwe hospitalini papo hapo, hata kama anacheza, kwa sababu kiasi kinachomtuliza mtu mzima kinaweza kuangusha presha ya mtoto saa kadhaa baadaye. Nyumba zetu nyingi ni chumba kimoja, na mkoba wa nyanya ndio droo ya kwanza ambayo mtoto hufungua. Itundike dawa juu.

Dozi zinazokosekana kwa sababu dawa imekwisha

Kusahau ni sehemu ndogo tu. Mara nyingi pakiti imekwisha siku tano kabla ya mshahara, au mtu amesafiri mashambani Desemba akiwa na tembe za wiki moja na akakaa wiki tatu. Hesabu tembe zako zinapobaki kumi, na uje wakati huo. Ikiwa fedha hazitoshi kwa tembe thelathini, nunua kumi na nne badala ya kumeza siku moja na kuacha siku moja, kisha utueleze hali yako waziwazi, kwa kuwa mara nyingi ipo amlodipini ya kampuni nyingine yenye bei ya chini na dawa ile ile ndani, au kituo cha umma kinachoitoa. Usimkopeshe jirani tembe zako wala usikope zake: presha ya jirani huenda inatibiwa kwa atenololi.

Kupima, na cha kuja nacho

Kipimo cha kwanza cha kufuatilia kifanyike baada ya wiki nne hivi, au mapema kama daktari alivyoagiza. Kaa kimya dakika 5, mgongo ukiegemea, miguu ikigusa sakafu, mkono ukiwa mezani usawa wa moyo, na uwe hujanywa kahawa wala hujavuta sigara katika nusu saa iliyotangulia. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, na uandike vyote viwili. Kwa wagonjwa wengi lengo ni chini ya 140/90, ingawa daktari anaweza kukuwekea lengo la chini zaidi ukiwa na kisukari au ugonjwa wa figo. Ukisoma 180/120 au zaidi bila dalili yoyote, pumzika na upime tena baada ya dakika chache. Ikibaki hapo, onana na daktari siku hiyo hiyo. Ukiwa na dalili kama maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuona ukungu au udhaifu wa upande mmoja, usipime tena, nenda dharura.

Unaporudi, njoo na pakiti zote ulizo nazo hata zilizobaki nusu, na kidaftari chenye mambo matatu tu: tarehe ulizokosa tembe na sababu yake, vipimo vyako, na jioni ambazo viatu vilikubana.